Globu na washa ni za mpangaji, ila si kila mara: namna ya kugawana matengenezo madogo ya nyumba ya kupanga

Mikataba mingi ya kupangisha hapa Unguja ina sentensi moja tu kuhusu matengenezo: "Matengenezo madogo madogo ni juu ya mpangaji." Mwenye nyumba akiisoma anaona mfereji, choo, swichi na rangi ya ukuta vyote vimo humo. Mpangaji akiisoma anaona globu tu, tena ya chumbani kwake. Siku mfereji unapoanza kudondoka, kila mmoja anaishika sentensi ile ile na kuivuta upande wake.

Mimi napangisha nyumba ya milango kadhaa Fuoni, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia na wapangaji wangu. Msingi wake ni huu: kitu kinachochakaa kwa matumizi ya kila siku, na ambacho mtu anaweza kukibadilisha kwa mkono wake bila kugusa ukuta wala waya, ni cha mpangaji. Lakini kitu hicho hicho kikifa tena baada ya muda mfupi, suala si kitu chenyewe tena, ni kile kinachokiua, na chanzo hicho kwa kawaida kimo ndani ya nyumba. Hapo mzigo unahamia kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani alipe, kwanza tujue kilichoharibika ni nini na kimeharibika mara ya ngapi.

Nitakaa zaidi kwenye vitu viwili, globu na mpira wa mfereji, yaani washa, kwa sababu ndivyo vinavyogombanisha watu kila mwezi, na mwenye kuvielewa hivyo viwili hapati tabu na vingine.

Hatua ya kwanza: makabidhiano kabla ya funguo

Huwezi kumwambia mpangaji "globu ni juu yako" kama siku anaingia chumba cha uani hakikuwa na taa. Mwenye nyumba anakabidhi nyumba ambayo kila holda ina globu inayowaka na kila mfereji unafunga. Gharama ya kufika hapo ni yake, hata kama ni globu moja.

Pitieni nyumba pamoja, mchana, maji na umeme vikiwepo. Washeni kila swichi. Fungueni kila mfereji, kisha mfunge kwa nguvu ya kawaida ya mkono, na chini ya kila mdomo wekeni kipande cha karatasi kikavu mkiendelea na vyumba vingine. Mkirudi baada ya dakika kumi, karatasi iliyolowa itawaambia mfereji upi hauna mpira mzuri. Angalieni pia ukuta nyuma ya mfereji na chini ya sinki, kama rangi imefura au imebabuka. Unyevu wa zamani ukiuona siku hiyo, mpangaji hawezi kubebeshwa baadaye.

Andikeni mlichokiona kwenye karatasi moja, chumba kwa chumba, na kila mmoja atie saini. Piga picha za simu za holda zote na mifereji yote. Nakala moja abaki nayo mpangaji. Kama mkataba wenu mnaupeleka kwa sheha, karatasi hii iende pamoja nao.

Jambo la globu lina kifundo kidogo ambacho ni vizuri kukimaliza mapema. Wapangaji wengi hununua globu zao nzuri za LED kwa sababu zinakula umeme mdogo, na umeme wa Tukuza wanaununua wenyewe. Anapohama anaruhusiwa kuondoka nazo, maana ni mali yake. Anachodaiwa ni kuacha globu inayowaka katika kila holda, ya aina aliyoikuta au inayofanana nayo. Mwambie siku hiyo hiyo azihifadhi zile alizozikuta.

Hatua ya pili: globu

Globu ya ndani ya chumba, jikoni au choo cha mpangaji ikiungua, anainunua mpangaji na kuibadilisha mwenyewe. Taa ya ngazi, ya ukumbi unaopitwa na watu wote, na ya nje ya mlango mkubwa, globu yake naitoa mimi, kwa sababu haina mtu mmoja anayeitumia. Umeme wa taa hizo za pamoja nao uandikwe: unatoka mita ya nani? Kwangu zimeunganishwa na mita yangu. Mahali ambapo zinatoka mita ya mpangaji mmoja, huyo apunguziwe kiasi mlichokubaliana kwenye kodi, vinginevyo atazizima usiku na watu watajikwaa.

Kabla ya kugusa holda, zima mein swichi, usitegemee swichi ya ukutani peke yake. Katika nyumba zetu nyingi za zamani, na hata baadhi ya mpya, fundi amepitisha kwenye swichi waya usio na moto badala ya wenye moto. Ukizima swichi taa inazimika, lakini holda bado ina umeme na itakupiga. Nyumba ya namna hiyo mara nyingine hujitambulisha yenyewe: globu ya LED inabaki na mwanga hafifu usiku hata ikiwa imezimwa. Ukiuona mwanga huo, mwambie mwenye nyumba alete fundi umeme aangalie. Hilo si la mpangaji hata kidogo.

Sasa tuje kwenye globu inayokufa tena. Globu ya LED yenye ubora wa wastani inatakiwa ikae mwaka na zaidi. Ikiungua ndani ya wiki chache, jaribu hivi kabla ya kununua ya tatu. Chukua globu nzima kutoka chumba kingine, iweke kwenye holda yenye matatizo, na uitazame jioni mbili tatu. Ikicheza, ikiwaka na kuzimika au ikitoa sauti ya kukwaruza, tatizo ni holda. Zima mein swichi, itoe globu na umulike ndani ya holda kwa tochi ya simu. Vile vidude vya shaba vinatakiwa viwe safi na vinaruka ukivisukuma kwa kijiti kikavu. Ukiona weusi, plastiki iliyogeuka rangi, au ukungu wa kijani, holda imekwisha. Nyumba zilizo karibu na pwani zinaharibika hivi upesi zaidi, kwa sababu hewa ya chumvi inakula shaba, mguso unalegea, unatoa cheche ndogo ndogo na joto, na joto ndilo linaloiua globu. Holda ni sehemu ya nyumba. Mwenye nyumba analeta fundi na kulipa.

Kuna globu inayokufa kwa sababu imefungiwa ndani ya kibakuli cha kioo kisicho na nafasi ya hewa. Hapo chanzo ni kibakuli. Kama kiliwekwa na mwenye nyumba, akiondoe au akibadilishe. Kama ni pambo la mpangaji, ni hiari yake kuendelea kununua globu.

Zikiungua globu za vyumba vingi ndani ya siku chache, usitafute kosa kwenye holda. Ulizeni jirani. Kama na kwao zinaungua, umeme wa mtaa ndio unaopanda na kushuka, na taarifa inakwenda ZECO, shirika la umeme. Kama ni nyumba yenu tu, jambo ni zito zaidi. Katika nyumba iliyoingiziwa fezi tatu, waya wa kurudishia umeme ukilegea, taa za upande mmoja zinafifia na za upande mwingine zinang'aa kupita kiasi, hasa mtu akiwasha pasi au mota ya maji. Ukiona hivyo zima mein swichi mara moja, chomoa friji na televisheni, na mpigie mwenye nyumba hata kama ni usiku. Waya huo ukilegea kabla ya mita, ni kazi ya ZECO. Ukilegea baada ya mita, ni kazi ya mwenye nyumba. Mpangaji hapandi dari wala hafungui sanduku la breka.

Hatua ya tatu: mfereji unaovuja, tazama unavujia wapi

Mtu akiniambia "mfereji unavuja," ninamuuliza swali moja: unavuja mdomoni, shingoni au ukutani? Jibu lake ndilo linalonionesha nani alipe.

Ukivuja mdomoni, yaani umefungwa lakini matone yanaendelea pale maji yanapotokea, ni mpira. Mpira huo mdogo wa duara mafundi wanauita washa, na bei yake ni ndogo kuliko ya chupa ya soda. Mara ya kwanza ni wa mpangaji.

Ukivuja shingoni, yaani maji yanatoka chini ya kile kishikio unapoufungua, mara nyingi ile nati ya juu imelegea. Ikazwe kidogo kwa spana, robo mzunguko, si zaidi. Ukikaza sana mfereji utakuwa mgumu kuzungushwa. Maji yakikoma, kazi imekwisha na hakuna aliyelipa. Yasipokoma, uzi wa kuzuia maji ulio ndani ya shingo umeliwa, na kwangu huo naubadilisha mimi, kwa kuwa kazi hiyo inataka fundi.

Ukivuja ukutani, pale mfereji unapoingia kwenye bomba, ni wa mwenye nyumba siku zote, na ninawaomba wapangaji wasiuguse. Bomba la zamani la chuma lililoliwa na kutu linaweza kukatikia ndani ya ukuta ukilizungusha, na hapo badala ya tone utakuwa na ukuta wa kuvunja. Mpangaji afunge valvu, aniarifu, basi.

Kubadilisha washa ni kazi ya nusu saa kwa mtu asiyewahi. Funga valvu ya mfereji ule, na kama haipo, funga valvu inayotoka kwenye tangi pamoja na ile ya maji ya ZAWA. Watu husahau ya pili, na maji ya mgao yanarudi wakati kichwa cha mfereji kimeshatolewa. Fungua mfereji uachie maji yaliyobaki yatoke. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isipotee. Shika kichwa cha mfereji kwa spana, na mkono mwingine ushike mwili wa mfereji usizunguke pamoja nacho, kisha fungua kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kichwa kikitoka utaona chini yake kipini kidogo chenye mpira. Nenda dukani na ule mpira wa zamani mkononi, maana mifereji mingi ya majumbani ni ya nusu inchi lakini mipira haifanani yote. Weka mpya, rudisha kichwa, fungua valvu polepole.

Kabla ya kurudisha kichwa kuna jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ndilo linaloamua kesi. Ingiza ncha ya kidole ndani ya mfereji mpaka uguse ile duara ya shaba ambayo mpira hukaa juu yake. Mafundi wanaiita kiti. Ikiwa laini pande zote, mpira mpya utakaa vizuri. Ukihisi mstari mwembamba umechimbika, pengo, au ukingo unaokwaruza, kiti kimeliwa. Hata ukiweka mipira kumi, kila mmoja utakatwa na ukingo huo.

Kiti kinaliwaje? Ardhi ya Unguja kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu yanabeba chokaa. Ndiyo ile ganda nyeupe unayoiona ndani ya birika. Chokaa na mchanga mwembamba vinakuja na maji, hasa bomba likikaa tupu siku mbili kisha maji yakarudi kwa kishindo. Chembe moja ikikwama kati ya mpira na kiti, mfereji hauzibi sawasawa. Mtu anaukaza zaidi, mpira unakatika, na maji yanapita kwenye upenyo ule ule usiku kucha mpaka shaba inachimbika. Kwa hiyo mfereji unaoachwa ukidondoka miezi mitatu kwa sababu mpira "ni kitu kidogo," unageuza washa wa senti chache kuwa mfereji mpya.

Hapo pana haki ya pande zote mbili. Kiti kilicholiwa ni cha mwenye nyumba. Lakini mpangaji aliyeuona mfereji ukidondoka tangu masika na hakusema wala hakubadilisha mpira mpaka vuli, ana sehemu yake katika uharibifu huo, na mimi namtaka achangie nusu. Ndiyo maana ujumbe wa simu wenye tarehe una faida kwake kuliko kwangu.

Maji yakirudi baada ya mgao, fungueni kwanza mfereji wa nje au ulio chini kabisa, yatoke kwenye ndoo mpaka yawe safi, na ndoo hiyo muitumie chooni. Tabia hii inapunguza sana mipira inayokufa.

Mifereji mipya ya kuzungusha robo tu haina washa. Ndani yake kuna visahani viwili vigumu vinavyosuguana. Ikivuja mdomoni, kinabadilishwa kichwa chote cha ndani au mfereji mzima, na siwezi kumbebesha mpangaji gharama hiyo kwa jina la washa. Ni yangu, isipokuwa kishikio kimevunjwa kwa nguvu. Alama za meno ya spana juu ya kishikio zinaonekana wazi.

Kisa kimoja, hesabu yake yote

Mpangaji wa mlango wa uani alinipigia. "Shikamoo Bi Mkubwa, mfereji wa jikoni unadondoka."

"Marahaba mwanangu. Unadondoka mdomoni au ukutani?"

"Mdomoni."

"Basi huo mpira, badilisha. Ukirudia tena niambie, usininunulie wa tatu."

Akanunua washa kwa shilingi 500 akabadilisha mwenyewe. Baada ya wiki mbili ukaanza tena. Akanunua mwingine, 500, ukakaa siku chache tu. Akaniandikia ujumbe na picha ya mpira uliokatwa duara kamili katikati, kama uliopigwa kisu. Mpira uliochakaa kwa kawaida unakuwa bapa na mgumu, haukatwi hivi. Picha ile peke yake ilitosha kunionesha kuwa tatizo ni kiti.

Nilimwambia aweke ndoo chini ya mfereji baada ya isha na apime alfajiri. Kwa saa 9 zilikuwa lita 7. Hiyo ni karibu lita 19 kwa siku, na kwa mwezi zaidi ya lita 550, yaani zaidi ya nusu ya tangi la lita 1,000, ambalo mota inalipandisha kwa umeme wa kununua. Siku hizo alikuwa akilalamika kuwa tangi linakwisha upesi na alikuwa anamshuku jirani yake wa mlango wa pili. Ugomvi mdogo ulikwisha kwa ndoo.

Fundi bomba alipokuja akaingiza kidole, akahisi pengo kwenye kiti. Kuna kifaa cha kusawazisha kiti, na mfereji mzito wa shaba unastahili kusawazishwa. Huu ulikuwa mwepesi, wa bei rahisi, na ukisawazishwa ungebaki mwembamba. Tukakubaliana uwekwe mpya: mfereji 15,000, ufundi 10,000, na utepe mweupe wa kuzungushia meno ya bomba 1,000. Jumla 26,000. Mpangaji alilipa pale pale kwa sababu sikuwepo, akachukua risiti ya duka, na fundi akamwandikia karatasi ya ufundi.

Nani analipa nini? Washa wa kwanza ni wake, 500, huo ni uchakavu wa kawaida. Washa wa pili ulikuwa unakufa kwa sababu ya kiti changu, kwa hiyo namrudishia 500. Mfereji, ufundi na utepe ni vyangu. Jumla yangu ni 26,500. Kodi yake ilikuwa 150,000, hivyo mwezi uliofuata alileta 123,500 pamoja na risiti, na mimi nikaandika kwenye risiti ya kodi: "Kodi 150,000 imelipwa yote, 26,500 kwa matengenezo ya mfereji wa jikoni." Maneno haya yasiachwe. Risiti inayosema 123,500 peke yake itasomeka mwakani kama kodi iliyobaki deni.

Vitu vingine, kwa kifupi

Bomba la mvua likitoa maji kwa vitundu vichache, mpangaji alivue kichwa chake akiloweke kwenye siki usiku mmoja; chokaa itatoka. Sinki lililoziba kwa mchele na mafuta ni lake. Karo lililojaa ni langu, maana linapokea maji ya milango yote. Tangi la choo linalolia usiku lipimwe kwa rangi ya biriani: tia kidogo ndani ya tangi, usivute, subiri dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa chini unapitisha, nao ni wa mpangaji kama washa. Boya na mtambo mzima wa ndani ni wangu. Kitasa kilichokwama kwa kutu ni changu, ufunguo uliopotea ni wake. Paa, dari, nyaya, mabomba ya ukutani, tangi la maji na mota havijadiliwi, ni vya mwenye nyumba.

Hatua ya nne: namna ya kuandika kwenye mkataba

Ondoa sentensi ya "matengenezo madogo madogo" uweke aya kama hii, na viwango uvibadilishe kulingana na nyumba yako:

"Mpangaji atanunua na kubadilisha globu za ndani ya sehemu yake na mipira ya mifereji na ya tangi la choo. Kifaa hicho kikiharibika tena ndani ya siku 60, mpangaji atatoa taarifa kwa ujumbe wa simu wenye picha, na mwenye nyumba atatafuta chanzo na kulipia. Holda, swichi, soketi, nyaya, mabomba, mifereji yenyewe, tangi, mota, karo na paa ni juu ya mwenye nyumba, isipokuwa uharibifu uliofanywa na mpangaji, watu wake au wageni wake. Taarifa ya hatari ya umeme au maji yanayomwagika itashughulikiwa siku hiyo hiyo. Ya mfereji unaodondoka, ndani ya siku 7. Muda huo ukipita, mpangaji anaweza kuita fundi kwa gharama isiyozidi shilingi 30,000 na kuikata kwenye kodi inayofuata kwa kuonesha risiti. Zaidi ya hapo ni kwa makubaliano ya maandishi."

Siku 60 nimeziweka kwa sababu mpira mzuri kwenye kiti kizima hauwezi kufa ndani ya miezi miwili kwa matumizi ya kawaida. Kikomo cha 30,000 kinamlinda mwenye nyumba asikute amebadilishiwa bomba zima bila kuulizwa, na kinamlinda mpangaji asikae wiki tatu na mfereji uliofungwa kwa kamba. Kama jina la fundi wako unalo, liandike na namba yake kwenye karatasi ya makabidhiano, ili anayeitwa awe anaijua nyumba na anajua valvu ziko wapi.

Ujumbe wa taarifa hauhitaji maneno mengi. Huu unatosha: "Bi Mkubwa, mfereji wa chooni unadondoka mdomoni. Washa nilibadilisha tarehe 3, leo tarehe 20 umerudia. Picha ya mpira na ya mfereji hizi hapa." Mwenye nyumba naye ajibu kwa maandishi, hata kama ni "Nimepata, fundi atakuja Jumamosi," kwa sababu kuanzia hapo zile siku 7 zinahesabiwa.

Mkitofautiana kuhusu chanzo

Itatokea siku mwenye nyumba anasema mpangaji amekaza mfereji kupita kiasi, na mpangaji anasema kiti kilikuwa kibovu tangu anaingia. Rudini kwanza kwenye picha na karatasi ya siku ya makabidhiano. Zisipotosha, chagueni fundi ambaye wote mnamkubali, aufungue mfereji mbele yenu, na kila mmoja aingize kidole mwenyewe. Kiti kikiwa kimechimbika na kishikio hakina alama ya spana, analipa mwenye nyumba mfereji na fundi. Kiti kikiwa laini na mpira ni wa zamani umekuwa mgumu, analipa mpangaji mpira pamoja na ile safari ya fundi. Kwa holda ni vile vile: fundi umeme aitoe na aiweke mezani, muione shaba yake. Mkishindwa hata hapo, sheha atawasikiliza, lakini nendeni na holda au mpira wenyewe mkononi, pamoja na ujumbe wenye tarehe.